Siku moja maishani mwangu: bloki 2,170 za nyumba ya Keshero

Saa moja asubuhi. Sijamaliza chai, simu imeshaleta picha ya karatasi ya fundi. Mama mmoja anayeuza vitenge soko la Virunga anajenga nyumba Keshero, hapa Goma. Ameshaleta bloki na simenti kidogo za kuanzia, lakini hanunui nyingine kabla sijapitia hesabu. Karatasi ina mistari miwili tu: bloki 2,170, simenti mifuko 35. Hakuna urefu wala kimo. Ndiyo kawaida ya karatasi nyingi ninazoletewa, kwa hiyo naanza kwa kutafuta namba hizo zimetoka wapi.

Saa mbili na nusu niko mezani na plani. Nyumba ni mita 10 kwa 8 kwa nje, vyumba vinne, ukuta wa bloki za 40 × 20 × 15. Nikijumlisha kuta za nje, 10 na 8 mara mbili, napata mita 36. Lakini kwa njia hiyo kila kona imehesabiwa mara mbili, maana unene wa ukuta mmoja umeingia pia katika urefu wa mwenzake. Kona ziko nne, unene ni sentimita 15, natoa sentimita 60: zinabaki 35.40. Ndani kuna ukuta mmoja mrefu wa 9.70 na mwingine unaoukata, ambao ukiondoa unene wa kuta zote unazokutana nazo una 7.55. Jumla ni mita 52.65. Fundi alikuwa na 54, yaani 36 na 10 na 8. Tofauti ni ndogo, kama bloki 50 hivi, na kwa hiyo peke yake nisingemsumbua mtu.

Kimo ndicho kinachokula bloki. Plani inaonyesha mita 3.06 kutoka juu ya msingi hadi chini ya zege la mwisho. Fundi ameichukua yote. Ila katikati yake linto, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, inazunguka nyumba nzima, kuta za ndani pia, sentimita 20. Pale hakuna bloki hata moja. Kinachobaki ni 2.86, na namba hiyo naipenda kwa sababu inajihakiki yenyewe: bloki ya sentimita 20 na mota ya kuishikisha ya sentimita 2 ni 22, mistari kumi chini ya linto ni 2.20, mistari mitatu juu yake ni 0.66. Kimo kisipogawanyika kwa 22, ujue fundi atakata bloki kwa urefu mahali fulani, na vipande hivyo haviko kwenye hesabu ya mtu yeyote.

52.65 mara 2.86 ni mita za mraba 150.58. Sasa matundu. Milango miwili ya nje ya 1.00 × 2.20, mitatu ya ndani ya 0.90 × 2.20, madirisha sita ya 1.20 × 1.10. Hayo yote ni 18.26. (Mlango unahesabiwa 2.20, si 2.10, kwa sababu sakafu ya sentimita 10 inakuja baadaye.) Ukuta wa kujenga ni mita za mraba 132.32.

Bloki moja ikiwa na mota yake inashika 0.42 × 0.22, yaani 0.0924. Gawanya: 1,432. Naongeza asilimia tano za kuvunjika na kukatwa, inakuwa 1,504. Fundi yeye ametumia 12.5 kwa mita ya mraba, hesabu ya bloki zilizobanana bila mota kabisa. Mazoea hayo peke yake yameongeza bloki 222. Matundu ambayo hakuyatoa yameleta 228, linto karibu 132.

Saa nne na nusu napanda pikipiki kwenda shantie. Kiwanja ni jiwe la volkano, kama sehemu nyingi za Goma, na msingi umejengwa kwa mawe meusi yaleyale, juu yake zege limesawazishwa vizuri. Nimeshaona misingi iliyoachwa na mabonde, ikajazwa mota ya sentimita tano au sita chini ya mstari wa kwanza. Hapa hakuna hilo.

Kwanza bloki. Napanga kumi chini, kichwa kwa kichwa, navuta tepu: mita nne na ushee mdogo. Nzuri. Mashine zikichakaa huwa zinatoa bloki ya 39 kwa 19, na hapo hesabu yangu ingepanda bloki mia moja bila ukuta kuongezeka.

Kisha ukuta wenyewe. Vijana wameshapandisha mistari mitano upande wa mbele. Ingetakiwa kusoma 1.10, mahali ambapo dirisha linaanza. Tepu inasema 1.15. Napima tena kwenye kona nyingine, 1.15. Maana yake kila mota ni sentimita tatu.

"Papa, huu mstari wa kumi utafika wapi?"

Papa fundi anahesabu kimya. "Mbili na thelathini."

"Na linto?"

"Mbili na ishirini." Anacheka kidogo. "Injinia, hawa vijana wanaweka mota kama siagi."

Namwonyesha upande wa simenti, maana hapo ndipo panauma zaidi. Ukuta wote una ujazo wa mita 19.85 za ujazo. Ukitoa bloki 1,432, kila moja 0.012, inabaki 2.66 ya mota. Bloki zenyewe zina matundu na mota inaanguka ndani, nyingine inamwagika, kwa hiyo naongeza asilimia ishirini: 3.2. Kwa kilo 300 za simenti katika mita moja ya ujazo, ni mifuko sita ya kilo 50, jumla mifuko 20. Lakini kwa mota ya sentimita tatu ukuta uleule unakunywa mifuko 28. Bloki zingepungua kama 94, ndiyo, ila ukuta wenye mota nene unashuka na kuyumba ukiwa mbichi, na mistari yake haitalingana na linto.

Anabisha jambo moja, na ana haki yake. "Ukitoa matundu yote, pembeni ya dirisha tunakata nusu bloki. Hizo nusu zinatoka wapi?" Zinatoka kwenye ile asilimia tano. Nyumba ingekuwa na madirisha mengi madogo ningeweka saba au nane. Kwa matundu haya kumi na moja, na nusu zikitumiwa upande wa pili badala ya kutupwa, tano zinatosha. Tunakubaliana hivyo.

Saa saba, fufu na sombe kwa mama wa jirani. Mvua kidogo.

Saa nane na nusu tunarudi ukutani. Mistari mitano haibomolewi. Hiyo mitano iliyobaki chini ya linto itakuwa na mota ya sentimita moja, ifike 1.05, jumla 2.20 kamili. Madirisha ya mbele yatapoteza sentimita tano za kimo, na fundi wa fremu nampigia papo hapo kabla hajakata chuma. Kwa kuta nyingine papa anachukua ubao mrefu, anauchora alama kila sentimita 22, anausimamisha kwenye kona. Kipimo cha kuchanganya nacho tunakikubali: mfuko mmoja kwa brueti tatu za mchanga zisizojaa hadi juu.

Saa kumi na moja nampigia mama. Namwambia afikishe bloki 1,000 kwanza, zilizoko shantie zikiwemo, na mifuko 14, mchanga mita tatu na nusu za ujazo. Zile 504 atazinunua kuta zikifika linto, nikishahesabu zilizovunjika.

"Na ile 2,170?"

"Mama, iache kwenye karatasi."