Anko wa upande gani?

Jana binti yangu kaniuliza, "Mama, anko ni mjomba au ni baba mdogo?" Nikamwambia inategemea, nikaendelea kupepeta mchele. Lakini moyo ulikuwa umeshakwenda kwa yule kijana wa Chikongola na barua ya mama yake.

Mwaka 2003. Barua ilitoka Mueda, Msumbiji, ikavuka mto Ruvuma kwa mtumbwi, ikafika Mtwara imelegea kwa jasho la mikono. Mama hakujua kuandika. Alisema kwa Kimakonde, mtoto wa jirani akaandika kwa Kireno cha shule. Kijana kalelewa huku na bibi yake, Kireno hakijui, akaniletea mimi niliyekiokota sokoni, Pemba ya Msumbiji.

Neno la kwanza lilikuwa "papá". Nikashtuka, maana baba yake alishafariki. Kumbe mama anamwita mwanawe, kama sisi tunavyowaita watoto wetu wa kiume. Nikaandika: "Baba, mwanangu." Akatabasamu.

Kisha nikafika hapa: "tio" wako amesema mahari yako ataitafuta yeye, msikilize. Kireno kina "tio" mmoja tu, awe wa kwa baba au wa kwa mama. Nikaandika "baba mdogo wako", kwa haraka tu.

Kijana akanyamaza. Akaichukua karatasi, akaikunja taratibu, akaisukuma chini ya sahani ya korosho. "Dada, huyo ndiye aliyechukua mikorosho ya marehemu. Mama ananiambia nimsikilize yeye?" Macho yalikuwa mekundu. Nilitaka kumfariji, nikaona heri nisome tena.

Mstari uliofuata ulisema: yule aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Nikausoma mara tatu. Ndugu wa mume angembebaje mgongoni utotoni? Huyu ni kaka yake mama, wa tumbo moja. Na Wamakonde huhesabu ukoo kwa mama. Neno la mjomba juu ya mtoto wa dada yake ni zito, na kutafutiwa mahari naye ni jambo lake kabisa. Kwa Kimakonde mama alikuwa amemtaja waziwazi, nina hakika. Kireno ndicho kilichowachanganya wajomba na baba wadogo, na mimi nikamtoa asiye mwenyewe.

Nikakata "baba mdogo", nikaandika juu yake "mjomba". "Ni mjomba, mdogo wangu. Nisamehe." Akaikunjua karatasi, akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata kila neno, mpaka mwisho. Kisha akaomba nimsomee tena kwa sauti, kuanzia "Baba, mwanangu".

Mwisho wa barua palikuwa na "saudades". Nikaweka: "Nina hamu nawe, usiku sipati usingizi." Usingizi niliuongeza mimi. Mama alitamka nini hasa pale Mueda, mbele ya yule mtoto na kalamu yake, mpaka leo najiuliza.