Ninavyozipanga may, tend to na appear to katika sura ya mjadala

Tasnifu nyingi za Kiingereza ninazohariri hapa Arusha zina shida katika sura moja tu, nayo ni ya mjadala. Kwenye matokeo mtu anaandika alichopima, basi. Kwenye mjadala anatakiwa aseme matokeo hayo yana maana gani, na hapo ndipo sentensi zinapoanza kudai kuliko data inavyoruhusu. Mtahini wa nje anaijua sehemu hiyo. Anakizungushia kalamu kitenzi kimoja, mara nyingi ni causes au proves, na kuandika pembeni: umejuaje?

Wengi wakishapata swali hilo hurudi na kuchomeka may katika kila sentensi. Sasa mtahini analalamikia kinyume chake, kwamba mwandishi hasimamii chochote. Mimi naanza kwa kutenganisha kazi za maneno haya matatu, maana hayabadilishani.

Tend to inahusu wingi: jambo ni kweli kwa walio wengi, si kwa kila mmoja. Appear to inahusu ushahidi: dalili ulizonazo zinaelekea upande huo, ila kuna maelezo mengine ambayo hujayaondoa. May inahusu uwezekano: maelezo yanaingia akilini, hakuna kinachoyapinga, lakini wewe hukuyachunguza. Kwa hiyo kabla ya kuchagua neno, namuuliza mwandishi swali la mtahini, umejuaje, na jibu lake ndilo linalochagua.

Tuchukue mada ya huku kwetu. Maji ya chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tuseme mwanafunzi amekagua meno ya watoto 120: 70 wanakunywa maji ya chemchemi, 50 wanakunywa ya bomba yenye floraidi ndogo. Madoa mazito ya kahawia ameyakuta kwa watoto 42 wa chemchemi na 15 wa bomba. (Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano.) Kwenye mjadala ameandika hivi:

"Fluoride may cause brown stains on teeth. Children who drink spring water have severe stains. This is caused by magadi used in cooking. Children without stains moved from other areas."

Sentensi ya kwanza ina may, na ndiyo pekee isiyohitaji tahadhari. Kwamba floraidi iliyozidi wakati meno yanajengeka huleta madoa limejulikana tangu miaka ya 1930. Kulitilia shaka ni kumwambia mtahini kwamba hukusoma. Naiondoa may na kuongeza masharti yanayoifanya sentensi iwe kweli kabisa: "Excess fluoride during tooth formation causes dental fluorosis." Usahihi umeletwa na maneno excess na during tooth formation, wala hakuna haja ya tahadhari nyingine.

Sentensi ya pili inachanganya mambo mawili. Kuna alichokihesabu, na kuna anachokisema kuhusu watoto wa eneo zima. Alichokihesabu kinaandikwa kwa wakati uliopita bila kusitasita: "In this sample, 42 of 70 children on spring water had severe stains, against 15 of 50 on piped water." Ukiandika hapo appeared to have, unaonyesha kwamba huamini hata daftari lako. Jumla ndiyo inayohitaji tend to: "Children who drink spring water tend to have more severe stains." Sababu iko kwenye hesabu yenyewe, maana watoto 28 kati ya hao 70 hawana madoa mazito. Kosa hili nadhani linatoka kwenye Kiswahili chetu. Tukisema watoto wa chemchemi huwa na madoa, ile hu- inaacha nafasi ya asiyekuwa nayo na msikilizaji anaelewa. Have ya Kiingereza, ikisimama peke yake baada ya kundi la watu, msomaji wa kitaaluma anaisoma kama kundi zima.

Kuna matumizi mabaya ya tend to ambayo nayafuta kila nikiyaona. Mtu amelinganisha makundi mawili, kipimo cha kitakwimu kimempa p ya 0.07 wakati alijiwekea kikomo cha 0.05, halafu anaandika kwamba kundi la kwanza "tended to be higher". Hapo neno linaficha matokeo. Tofauti haikufika kikomo, basi aseme haikufika na aitaje namba yenyewe.

Sentensi ya tatu, ya magadi, ndiyo inayonichukua muda, kwa sababu jibu linategemea kazi iliyofanyika. Magadi yanayopikiwa maharage na makande huku kaskazini yamewahi kupimwa na watafiti na kukutwa na floraidi, kwa hiyo wazo si la kubuni. Lakini mwanafunzi wetu amefanya nini hasa? Kama hakuuliza kabisa habari za magadi majumbani, anachoweza kusema ni "Magadi may also add to the children's fluoride intake", na sentensi hiyo ni pendekezo kwa mtafiti atakayefuata. Kama aliuliza, na akakuta kwamba kati ya familia za chemchemi zile zinazopikia magadi mara nyingi ndizo zenye watoto wenye madoa mazito zaidi, ana dalili mkononi. Sasa anaruhusiwa "Magadi appears to add to the children's fluoride intake". Bado si zaidi ya hapo, maana huenda familia hizo hizo ndizo zinazochota kwenye chemchemi yenye floraidi nyingi kuliko nyingine. Na kama alipima floraidi kwenye magadi yenyewe, akapima gramu zinazoingia sufuriani na chakula ambacho mtoto anakula, tahadhari inaondoka: anaandika added na kutaja kiasi.

Kitazame na kitenzi chenyewe. Is caused by imekuwa add to, kwa sababu magadi hayawezi kubeba lawama peke yake wakati maji yapo. Mara nyingi kubadilisha kitenzi kunafaa kuliko kuongeza may mbele ya kitenzi kilichozidi.

Sentensi ya mwisho ni kisio tupu. Hakuuliza mtoto aliishi wapi alipokuwa mdogo, na meno ya mbele ya kudumu hujengeka ndani ya taya katika miaka ya mwanzo ya utoto. Kwa hiyo: "Some of the children without stains may have spent their early years elsewhere." Some inapunguza idadi, may have spent inapunguza uhakika. Vyote viwili vinatakiwa, maana ni mapungufu mawili tofauti. Appear to ingekuwa uongo hapa kwa sababu hana dalili yoyote.

Upande wa sarufi makosa ni machache na yanajirudia. May inafuatwa na kitenzi kitupu, bila to na bila s: "may affect", si "may affects" wala "may to affect". Kwa jambo lililopita ni may have na umbo la tatu la kitenzi. Tend na appear ni vitenzi vya kawaida, vinachukua s kwa umoja na vinahitaji to. Maumbo kama "is tending to" na "is appearing to" nayaondoa kwenye sura hii. Kukanusha tend, naandika "tend not to". Kosa linalonisumbua zaidi ni "Magadi appears that it adds", ambalo limefuata mtiririko wa "magadi yanaonekana kwamba yanaongeza". Kiingereza kinatoa njia mbili tu: "Magadi appears to add" au "It appears that magadi adds". Na appear bila to wala that inaweza kuwa na maana nyingine kabisa, ya kutokea, kama madoa yanapotokea kwenye meno.

May not nayo ina mtego. "Children may not drink this water" inasomeka kama katazo, kana kwamba kuna bango kisimani. Ukimaanisha kwamba huenda hawayanywi, andika might not, au geuza sentensi: "It is possible that children do not drink this water." Hata bila not, "Households may use filters" inaweza kusomeka kama ruhusa.

Nikimaliza aya kwa aya, natafuta kwa mashine. Kwenye Word nabonyeza Ctrl+F na kupitisha prove, cause, always, all, kisha maybe. Hii ya mwisho ni ya mazungumzo, na mara nyingi mwandishi alikusudia may be, maneno mawili. Halafu natafuta may yenyewe na kuangalia kama ina jirani: "may possibly", "may appear to", "could perhaps". Kwa dai moja, tahadhari moja inatosha. Zikiwa mbili, namuuliza mwandishi ni ipi inayojibu umejuaje, na nyingine inakatwa. "It may appear that magadi could possibly tend to add" ina tano, na msomaji hawezi kujua mwandishi ana shaka na nini.

Ikisiri naiacha hadi mwisho, kwa sababu ndiko madai yanakovuja. Mjadala unasema appears to add, ikisiri iliyoandikwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi inasema magadi causes fluorosis, na mtahini ameanza na ikisiri. Naziweka kurasa hizo mbili ubavu kwa ubavu na kulinganisha vitenzi tu, kimoja baada ya kingine. Mapendekezo nayapitia kwa njia hiyo hiyo, ila huko kosa huwa ni woga. Mtu anaandika "Bone char may remove fluoride", wakati mkaa wa mifupa umefanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, na kwamba unanyonya floraidi si suala la kubahatisha. Naandika removes, na masharti yake: "Bone char removes fluoride until it is saturated." Kama familia zitaubadilisha mkaa ukishajaa ni swali jingine. Kama mwanafunzi hakulichunguza, hapo ndipo may inaporudi: "Households may delay replacing it."