Nilivyotengeneza persona za wateja kwa kuongea na walionunua kweli

Niko idara ya masoko kwenye kampuni inayouza programu ya kuandaa mishahara kwa makampuni madogo. Nilipopewa kazi ya kutengeneza persona za wanunuzi, yaani maelezo mafupi ya aina ya mtu anayenunua na kwanini ananunua, nilikuta tayari kuna slaidi, ina picha ya mtu, umri wake, anapenda kusafiri, na chini imeandikwa "anataka kuokoa muda". Hakuna hata mtu mmoja nje ya ofisi aliyeulizwa. Nikaomba ruhusa nianze upya kwa mahojiano, na hapa naeleza nilivyofanya maana naona wengi wanakwama palepale.

Kwanza ni nani wa kuongea naye. Wale wateja wa miaka mingi wanaotusifia sikuwachukua, kwasababu walishasahau walivyofikia uamuzi na wanakupa stori iliyonyooshwa. Nilitafuta walionunua ndani ya miezi mitatu iliyopita, na pia walioangalia demo yetu wakaenda kwingine au wakaamua kubaki na Excel yao. Hao wa pili wanasumbua kuwapata lakini usiwaache, manake ukiongea na walionunua tu utajua kilichowavutia na hutajua kabisa kilichowakimbiza wengine. Mwaliko niliutuma mwenyewe, sio muuzaji wao, nikasema wazi kwamba siuzi kitu, ni nusu saa, na ntarekodi kama wataridhia.

Swali la kufungulia lilikuwa moja kwa wote: "Nirudishe kwenye kipindi kile mlipoamua sasa tunatafuta mfumo wa mishahara, kulitokea nini?" Baada ya hapo ni kufuata tu, ikawaje, nani mwingine alihusika, mlilinganisha na nini. Sikuuliza "ungependa mfumo uwe na nini" wala "ungelipa kiasi gani", kwasababu mtu akiulizwa jambo ambalo halijatokea anakujibu kwa adabu tu, anakupa jibu la kukufurahisha. Lililokwisha kutokea analikumbuka na unaweza kulichimba.

Na kuchimba ndo kazi yenyewe. Kuna mhasibu mmoja alianza kama wote, "tulitaka kuokoa muda." Nikamuuliza, sawa dada, lakini hiyo kazi ilikuwa inawachosha toka zamani, kwanini mtafute mfumo mwezi ule na sio miezi sita kabla? Akanyamaza kidogo, na mimi nikanyamaza (hapo usijaze kimya, muache), halafu akasema: "Ukweli ni kwamba mwenzangu aliyekuwa anaandaa mishahara aliacha kazi. Lile faili alikuwa analijua yeye tu. Nilivyolifungua nikakuta fomula zinavuta namba kutoka kwenye shiti zilizofichwa, na siku ya mshahara imebaki wiki moja." Nikamuuliza alipoiona programu yetu nini kilimtia wasiwasi, akasema alihofia makato yote ya toka mwaka uanze, yataingiaje kama wanahamia katikati ya mwaka, maana yakikosewa watu watakuja mezani kwake, sio kwetu. Kwenye tovuti yetu nzima hakukuwa na sentensi hata moja kuhusu kuhamia katikati ya mwaka!

Kila mahojiano niliyaandika neno kwa neno, halafu nikakata zile kauli nzito nikaziweka kwenye spredishiti, kauli moja mstari mmoja, pembeni namba ya mtu na aina ya kauli: kilichomsukuma, anachotegemea kupata, anachohofia, nani alikuwa na sauti ya mwisho, alitulinganisha na nini. Baadaye nikapanga kwa kile kilichomsukuma, sio kwa cheo. Hapo ndo picha ilifunguka, kwasababu wahasibu wawili wenye cheo kilekile waliangukia makundi mawili tofauti kabisa. Mmoja karithi faili asilolielewa na anaogopa, mwingine kampuni yake imeajiri watu wengi kwa haraka na bosi ndo anamsukuma. Ukimwandikia tangazo "mhasibu" unawakosa wote wawili.

Kwa kundi moja, ukishaongea na watu kama 8 mpaka 10 utaanza kusikia yaleyale. Kama bado kila mtu anakuja na sababu mpya, mara nyingi umechanganya makundi mawili bila kujua. Na mahojiano machache hivi yanakuonyesha sababu zipo zipi, hayakuambii kila sababu ina asilimia ngapi ya soko, kwahiyo asilimia usiandike kabisa kwenye persona. Pia maelezo ya timu ya mauzo usiyachukue kama mbadala wa mahojiano. Kwa wengi tuliowakosa kulikuwa kumeandikwa "bei", lakini nilipoongea na mmoja wao akasema bei wangeimudu, ila alishindwa kumjibu bosi wake nani atapokea simu mfumo ukigoma siku ya mshahara. Bei ilikuwa njia ya heshima ya kumaliza mazungumzo na muuzaji.

Persona yenyewe ni ukurasa mmoja, haina picha wala umri. Kila mstari niliupima kwa swali moja, huu mstari ukiwa uongo kuna kitu tutafanya tofauti? Umri ukatoka, usafiri ukatoka. "Anaogopa kuhamia katikati ya mwaka" ukabaki, kwasababu ulibadilisha mambo mengi: tukaandika ukurasa wa kueleza uhamisho hatua kwa hatua, demo ikaanza na faili la mteja mwenyewe badala ya data za mfano, na kwenye mafunzo tukaweka mwezi mmoja wa kuandaa mishahara kwa njia zote mbili, ya zamani na mpya, halafu wanalinganisha kiasi anachopokea mkononi kila mfanyakazi, na ambapo namba hazilingani wanatafuta sababu kabla hawajaiacha Excel. Kila mstari una kauli halisi ya mtu chini yake, idadi ya watu waliosema hivyo, na tarehe.

Kuziweka hai ndo kunataka ukali kidogo. Kwenye mikutano mtu akisema "huyu wa faili la kurithi hatapenda hii", namuuliza nani alisema, na kama hakuna kauli basi hayo ni maoni yake, tuyajadili kama maoni. Tangazo jipya haliandikwi mpaka mwandishi ataje ni mstari upi analijengea. Halafu kwenye fomu ambayo wauzaji wanajaza baada ya simu ya kwanza tuliongeza sehemu moja, "kilichomsukuma", ina machaguo mawili ya persona zetu na la tatu ni "nyingine" ambalo lazima uandike maneno ya mteja. Hapo tunapata pia ile hesabu ambayo mahojiano hayatoi. Kila robo mwaka naongea na wanunuzi wapya wachache, na mstari ambao mwaka mzima hakuna aliyeurudia unafutwa, hata kama bosi anaupenda.

Hivi sasa "nyingine" imeanza kujaa kuliko kawaida, na ukisoma maneno yenyewe wengi wanataja wafanyakazi wa muda wanaolipwa kwa siku, kitu ambacho hakipo kwenye persona yoyote. Sijaandika persona ya tatu, kwanza nawapigia hao watu nisikie ilikuwaje.