Nilivyorudishiwa dipoziti yangu kupitia mahakama ya madai madogo

Wazee, landilodi wangu aligoma kunirudishia dipoziti, eti nimeharibu rangi ya ukuta, na kila nikipiga simu ananambia ngoja. Nikaacha kupiga nikaanza kuandika, maana simu haina ushahidi bana.

Kabla ya kwenda popote nilikusanya mkataba, slipu ya benki ya ile dipoziti, picha za siku naingia na za siku natoka, na meseji yake mwenyewe akikubali kupokea funguo. Hiyo meseji ndo ilifunga mjadala wa nilihama lini. Skrinishoti zipige zikionyesha namba na tarehe, na chati yenyewe usiifute, hakimu anaweza kutaka kuiona kwenye simu.

Halafu nikamwandikia barua ya madai, kiasi kamili, siku 14 za kulipa, la sivyo naenda mahakamani, nikabaki na kopi aliyosaini kupokea. Kimya. Nikajaza fomu, nikalipa ada, akapelekewa samansi.

Siku ya kesi akaja na hoja ya rangi, hakimu akamuuliza risiti ya fundi iko wapi, hana, na picha zangu za kuingia zinaonyesha lile doa lilikuwepo tangu mwanzo, tena kufifia kwa rangi ni uchakavu wa kawaida, sio uharibifu. Alichokata kwa haki kwenye dipoziti ni bili ya maji niliyoacha, nikakubali. Kingine chote akaamriwa alipe, akazungusha kidogo, nilipoomba utekelezaji wa hukumu ndo pesa ikaingia.