Tutawajulisha

Neno lenyewe ni moja, na mimi ndiye niliyeliandika. Usiku wa tatu huu linanirudia kichwani kila nikizima taa, nikaona bora niamke niandike.

Mradi wetu wa kuwahudumia wagonjwa majumbani kwa msaada wa Marekani umefika mwisho wake. Tangu amri ya Rais wa Marekani ya tarehe 20 Januari 2025 iliyositisha misaada kwa siku 90, na barua ya kusimamisha kazi iliyofuata siku nne baadaye, tuliishi kwa kusikilizia tu, hadi mwisho wa Februari ilipokuja barua ya kuvunja mkataba wenyewe. Watu watano wanabaki kufunga hesabu na kukabidhi magari. Sisi wengine tuko kwenye notisi ya siku 28. Mama Mkurugenzi anaondoka Ijumaa hii.

Jumatatu alinitumia rasimu ya barua pepe yake ya kuwaaga wafanyakazi wote. Aliiandika kwa Kiingereza kwa kuwa makao makuu walitaka kuipitia kwanza. Kazi yangu ilikuwa kuitia Kiswahili, ibandikwe ubaoni na irushwe kwenye kundi la Wasapu la madereva, walinzi na wahudumu wa usafi, ambao hawana barua pepe ya ofisi. Aya ya tatu ilinisimamisha. Alisema hajui kama serikali itawachukua wale wahudumu wanaowafuata wagonjwa majumbani. Hajui kama atapatikana mfadhili mwingine. Hajui ni nani atakayekuwa na majibu yeye akishaondoka. "Sijui" mara tatu katika aya moja, kwa mwanamke ambaye kwa miaka sita sikuwahi kumsikia akilitamka mbele ya kikao.

Nilimwonea aibu, nasema kweli. Kiongozi anaagana na watu wake kwa kusema sijui? Nikaona nimsitiri. Aya yote nikaifanya sentensi moja: "Kuhusu hatua zinazofuata, tutawajulisha." Ikasomeka vizuri, kama barua za ofisi zinavyosomeka siku zote.

Jumanne akaniita. Ukuta ulikuwa mtupu, picha zimeshaingia kwenye maboksi, na kikombe chake cha chai kiko juu ya faili la mwisho.

"Mwanangu, hii tutawajulisha umeitoa wapi?"

"Nimefupisha kidogo, mama. Ile sijui nimeona itawatia watu hofu."

"Hofu wanayo tayari. Nani atawajulisha?"

Nikanyamaza.

"Mimi Ijumaa siko. Wewe mwezi ujao hupo. Hiyo tu- ni ya akina nani?"

Hakupandisha sauti. Hilo ndilo linaloniuma, angenigombeza ningekuwa nimeshasahau. Nimelirudia swali lake nikipika, hata nikiwa kwenye daladala ya Kihesa najikuta najiuliza hiyo tu- ni ya akina nani. Kwa miaka yote nimeandika matangazo ya ofisi kwa "tuta" hii na "tume" ile, na sikuwahi kuhesabu watu walio ndani yake. Nilijaribu pale pale kujiokoa kwa kupendekeza "mtajulishwa". Akatikisa kichwa, akasema hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana hata yule anayedaiwa jibu ameondolewa.

Kisha akanionyesha madhara yake. Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 tangu siku ya kuachishwa kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akichelewa, inabidi kwanza aombe aongezewe muda na aeleze sababu yenye uzito. Sasa mtu aliyebandikiwa ubaoni kwamba atajulishwa, si atakaa asubiri kujulishwa? Atazihesabu siku za kusubiri jibu letu, na siku za sheria zinakwisha.

Tukakaa pamoja mpaka saa kumi na mbili jioni tukiipanga upya. Aliacha "sijui" zake zote tatu, ila alitaka zitanguliwe na yale yanayojulikana, kila moja na mtu wa kuulizwa. Siku ya mwisho ya kazi. Notisi. Likizo ambayo mtu hakuichukua, italipwa. Cheti cha utumishi, kila mtu atapewa siku anapoondoka. Na kiinua mgongo, ambacho ndicho kilichokuwa kinazungumzwa chini kwa chini kwenye magari, kila mmoja na hesabu yake.

Hesabu hiyo aliniambia niiandike kwa mfano, kwa sababu watu wengi hudhani ni mshahara wa mwezi kwa kila mwaka. Sheria ya ajira ya 2004 inasema mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, isizidi miaka kumi, na uwe umemaliza angalau miezi kumi na miwili. Tukamchukua dereva wa mshahara wa msingi wa shilingi 650,000, miaka sita, anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Unagawa mshahara kwa 4.333 kupata wa wiki, karibu 150,000. Unagawa kwa siku sita, unapata kama 25,000 kwa siku. Mara saba ni 175,000 kwa mwaka. Mara sita, milioni moja na elfu hamsini. Posho za safari hazimo, na tuliliandika hilo waziwazi, kwa kuwa madereva ndio wanaoishi kwa posho za safari.

Baada ya hapo ndipo zikaja "sijui", moja moja, kama alivyoziandika. Ya mwisho niliifasiri hivi: "Sijui nani atawajibu baada yangu kuhusu wagonjwa wetu, na sitaki mtu yeyote aache jambo lake akisubiri neno kutoka kwangu."

Ilibandikwa Jumatano. Nilijificha dirishani kuwatazama wanavyosoma. Nilitegemea kilio. Walisoma kimya, mlinzi mmoja akawa anafuata mistari kwa kidole, halafu wakaanza kutoa simu na kupiga hesabu zao kwenye kikokotoo, wanaulizana umefanya miaka mingapi.

Mchana dereva wetu mkubwa, yule aliyenirudisha nyumbani siku ya mafuriko, akaja mlangoni. "Kamwene, mwanangu." Nikaitikia. Akasema kuna mtu wa Mafinga alimwahidi lori la mbao tangu wiki mbili zilizopita, naye alikuwa anamzungusha. "Nilikuwa nasubiri ofisi iseme. Sasa imesema." Alikuwa anatabasamu. Jioni hiyo hiyo alimpigia yule mtu na kukubali, anaanza tarehe moja.

Wiki mbili alikuwa anasubiri, na barua yangu ya Jumatatu ingemweka akisubiri zaidi. Nilifurahi naye, nikampa mkono kwa mikono yangu yote miwili, akaondoka. Nilipofunga mlango nililia, na sijui nilikuwa namlilia nani, maana hata mimi sina lori linalonisubiri popote.

Sijamwambia Mama Mkurugenzi habari ya lori. Nitamwambia Ijumaa akiingia kwenye gari.

Mvua haijakata tangu saa tisa. Mama yangu alisema leo angepanda maharage kule kwenye mteremko, na goti lake linamsumbua. Nimempigia mara nne tangu jioni, hapatikani. Jirani yake naye simu imezimwa.