Chai ya iliki, tumbo la mamangu na vidonge vya presha

Hapa Lamu iliki iko kila nyumba, kwa mahamri, kwa pilau, kwa chai, sasa mamangu aliposikia inashusha presha alitaka kuacha vidonge kabisa anywe chai tu asubuhi na jioni. Mimi ndo nampimia presha, kwa hivyo ilibidi nikae nae tuongee vizuri.

Hiyo habari haikutoka hewani. 2009 kuna utafiti ulichapishwa India, watu 20 ambao presha yao ilikuwa ndo imeanza kupanda kidogo walipewa unga wa iliki gramu 3 kwa siku kwa wiki 12 na presha ikashuka. Lakini ni watu 20 tu, na hakukuwa na kundi jengine lililopewa kitu kisicho dawa ili walinganishwe, na presha ya mtu inaweza kushuka yenyewe akianza tu kufuatiliwa. Tafiti za baadae zikijumlishwa zinaonyesha inashuka kidogo sana.

Alafu nikamwambia, mama, hebu tupime hizo gramu 3. Ni kama kijiko kimoja na nusu cha chai cha unga mtupu wa mbegu, yaani umenye punje kumi na kitu, zikiwa ndogo hata ishirini, kila siku, na bei ya iliki unaijua. Sisi birika zima la watu wanne tunatia punje tatu au nne, na tunachuja, unga wenyewe hatuumezi. Kwa hivyo kikombe chake kina kama punje moja, harufu na ladha, hicho si kipimo cha dawa. Akaelewa hapo hapo, manake mapishi anayajua kunishinda.

Vidonge anaendelea navyo. Kumpima nampima kabla ya chai, amekaa ametulia dakika tano, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kwa sababu majani ya chai yenyewe yanaweza kupandisha presha kwa muda, ukipima baada ya kikombe utadanganyika.

Kwa tumbo ndo naona inamsaidia, akila mbaazi usiku anajaa gesi. Nampondea punje mbili na maganda yake, nachemsha na maji kikombe kimoja, nafunika sufuria dakika tano hivi maana yale mafuta ya harufu yanapaa na mvuke, bila majani, bila maziwa, sukari kidogo au hakuna. Anacheua, tumbo linalegea, analala. Kiungulia lakini haikitibu, na mwenye mawe kwenye nyongo asizidishe iliki kupita ya chakula, inaweza kumwamshia maumivu. Na ikiwa hiyo "gesi" inabana kifua, inaenda mkononi au tayani na jasho linamtoka, hapo hatuchemshi kitu, tunaenda hospitali hata kama ni saa nane za usiku.