Siku yangu nyuma ya kaunta ya duka la vifaa, Mwanakwerekwe

Saa mbili asubuhi nafungua duka, nafuta vumbi la saruji kwenye kaunta. Mpaka saa nne ni misumari, mabomba na rangi, hayo hayanichoshi.

Saa nne na nusu akaingia ami mmoja kutoka Jambiani, simu mkononi. "Mwanangu, nipe mkono wa kitasa kama huu, niwahi gari." Picha imepigwa usiku, mkono unang'aa kama shaba, kipimo hakuna.

Watu hudhani kazi yetu ni kunyoosha mkono rafuni tu. Lakini rafuni nina mikono miwili iliyofanana kama pacha. Mmoja, kutoka katikati ya mkono hadi katikati ya tundu la silinda, ni milimita 72. Mwengine ni 85. Ukimpa usio wake, bamba linaziba nusu ya silinda na ufunguo hauingii.

"Ami, umekuja na kipimo?"

"Kipimo cha nini, na picha si hiyo unaiona?"

Silinda ya aina ile, duara juu na mkia chini, urefu wa uso wake ni milimita 33. Hiyo ndiyo rula yangu ndani ya picha. Nikaweka rula juu ya kioo cha simu: silinda milimita 12, kutoka mkono hadi silinda 29. Gawa 29 kwa 12, zidisha kwa 33, inakuja kama 80. Si 72, si 85.

Nikajua picha imepigwa mtu amesimama wima, simu iko juu ya mkono. Silinda iko chini zaidi, basi imekuwa mbali na ikaonekana ndogo kuliko ilivyo, na hesabu ikapanda. Nikamwomba apige simu nyumbani, mwanawe achutame, simu iwe usawa wa kitasa, na mlango upate mwanga wa mchana.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwamba namchelewesha, kwamba duka la jirani wasingemuuliza yote haya. Mtandao nao ukawa mzito. Gari likaondoka. Nilisimama, miguu inaniuma, nikamjibu taratibu kila alichosema, maana nauli ya kurudi Jambiani na kuja tena angeilipa yeye.

Adhana ya adhuhuri inakaribia, picha ikaingia. Silinda 12, umbali 26: kama 72. Na rangi si shaba hata kidogo, ni fedha isiyong'aa. Ile njano ilikuwa ya taa ya chumbani. Ningempa alichotaka mwanzo, ningekosea rangi, na kipimo ningebahatisha tu.

Nikamtolea miwili ya 72, nikaipitishia sumaku mbele yake. Mmoja uliinasa kwa nguvu: chuma kilichopakwa, na upepo wa bahari utautia kutu. Akachukua mwengine, wenye bei kubwa, bila kusema neno.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Bawaba, komeo za madirisha, bawaba tena. Nakunja mlango wa duka, simu ikalia: mteja mwengine ametuma picha ya bawaba, nusu iko kivulini. Nikamwandikia, "Weka rula pembeni yake, upige upya kesho mchana."